Mchanga Unaokataa Maji

Mvua za kwanza za masika zikishanyesha Mombasa, fukua kwa kidole chini ya mvinje mkongwe uliomea mchangani. Huenda ukakuta jambo linalofanana na kiinimacho: juu kumelowa, lakini sentimita tatu tu chini mchanga ni mkavu kama unga, na vumbi lake linapeperuka ukilipuliza. Mwenye bustani akiona majani yanakauka mahali kama hapo husema ardhi ina kiu, akaongeza ndoo za maji. Wengine hulaumu mchwa, chumvi ya bahari au jua la kaskazi. Dai la makala haya ni kwamba mara nyingine kosa si uchache wa maji. Mchanga wenyewe umeyakataa, na ukweli huo unaweza kujulikana kwa tone moja na saa ya mkononi kabla hujatumia shilingi yoyote.

Wakazi wa kisiwa hiki wana sababu nzuri ya kutolifikiria hilo. Mji wa Kale umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mwamba uleule ambao Wareno walijengea Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, na ambao kwa karne nyingi umetoa mawe na chokaa za nyumba. Mwamba huo una matundu. Maji yanayomwagwa uani huzama upesi na kuelekea chini, kule visima vinakoteka. Upande wa Kilindini ardhi ina mchanga zaidi, na mchanga nao kwa mazoea yetu ndiyo ardhi inywayo kuliko zote: shida yake ni kwamba hauyahifadhi maji, si kwamba hauyapokei. Mazoea hayo ni sahihi kwa mchanga safi. Yanakosea pale mchanga unapokuwa umevikwa nta.

Sayansi yenyewe ilichelewa kulitambua jambo hili. Mwaka 1910 Wamarekani wawili, Schreiner na Shorey, walieleza kuhusu udongo wa California ambao haukuweza kuloweshwa vizuri, wala kwa mvua wala kwa umwagiliaji, na wakakihusisha kisa hicho na vitu vya asili ya mimea vilivyomo ndani yake. Baada ya hapo habari ilipoa kwa miongo mingi, hadi wataalamu walipokutana Riverside, California, mwaka 1968 kuzungumzia udongo wa aina hiyo pekee. Maelezo yaliyokubalika ni mepesi kuyafuata. Majani, mizizi na kuvu huacha nta na mafuta yanapooza. Nta hiyo hujipaka juu ya chembe za udongo, na udongo ukikauka, upande wake unaochukia maji hugeuka nje, kama unyoya wa bata. Mchanga ndio huathirika zaidi kwa sababu chembe zake ni kubwa na uso wake wote, ukiujumlisha, ni mdogo sana ukilinganishwa na wa mfinyanzi wa uzito uleule. Nta kidogo inatosha kuufunika mchanga wote, ilhali kwenye mfinyanzi ingepotea bila kuacha alama.

Hapa ndipo historia ya pwani yetu inapoingia. Mwaka 1971, kaskazini ya kisiwa, René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya matumbawe yaliyoachwa wazi na kiwanda cha saruji cha Bamburi. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu, mvinje ulikuwa miongoni mwa tatu tu zilizostahimili. Baada ya muda likazuka tatizo: majani yake membamba yalianguka na kulundikana bila kuoza, kwa kuwa yana tanini nyingi. Suluhisho lilikuwa jongoo, ambao waliletwa humo wakayala majani hayo na kuyageuza mboji. Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya jongoo, na wanastahili sifa hiyo. Lakini mkulima ana somo jingine la kujifunza humo, nalo ni kwamba takataka za mvinje hukaa muda mrefu juu ya ardhi. Kisa cha Bamburi hakithibitishi kwamba mchanga wa Mombasa unakataa maji. Kinatuonyesha mahali pa kuanza kuutilia shaka: chini ya mivinje, na katika mashamba ya Kilifi na Kwale ambako mti huo hupandwa kwa ajili ya nguzo, hasa pale miti inapokatwa na mazao mengine kupandwa juu ya ardhi ileile.

Shaka hupimwa kwa tone. Ondoa majani yote juu ya ardhi, kisha chukua mchanga wa tabaka tatu: sentimita 0 hadi 5, 5 hadi 10, na 10 hadi 15. Kila tabaka litandaze kwenye kisahani, ulikaushe kivulini siku kadhaa, usiliweke jikoni kwa maana joto kali huibadilisha nta yenyewe. Sawazisha uso wake bila kuushindilia. Kwa kidondoshi cha dawa, chenye matone kama 20 kwa mililita moja, dondosha maji ya mvua kutoka kimo cha sentimita moja hivi, ili tone lisijichimbie shimo lenyewe. Hesabu sekunde hadi litakapozama lote. Rudia mara tano na uchukue jibu la katikati. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi Dekker na Jungerius, waliokuwa wakichunguza vilima vya mchanga vya pwani yao, walitumia ngazi ambazo zimeenea hadi leo: chini ya sekunde 5 mchanga ni mzima, kutoka 5 hadi 60 unakataa kidogo, hadi 600, yaani dakika kumi, unakataa kwa nguvu, hadi saa moja, vikali, zaidi ya hapo, vikali mno. Kwenye mchanga mgonjwa tone halitandai. Husimama duara kama ushanga, likavaa vumbi jembamba, na ukiinamisha kisahani hubingirika.

Atakuja mtu aseme tone si mvua, na kwamba sekunde kadhaa haziwezi kueleza shamba zima. Ana haki nusu. Kipimo hiki hueleza ukataaji unadumu kwa muda gani, si maji kiasi gani yataingia, na mchanga uleule unaweza kukupa majibu tofauti hatua mbili mbele. Ndiyo maana hupimwa sehemu nyingi na matokeo kuchorwa kwenye ramani ya bustani. Ila hitilafu hiyo ya hatua mbili ndiyo inayoeleza ugonjwa wenyewe: maji hayashuki kwa usawa, hutafuta vijia vichache na kupita humo kama vidole virefu, na mizizi iliyo kati ya vidole hivyo hubaki mikavu. Kosa kubwa zaidi ni kupima wakati mbaya. Mchanga uliokwisha kulowa kupita kiwango fulani huacha kukataa, basi atakayepima katikati ya masika ataona ardhi haina tatizo. Pima Januari au Februari, kaskazi inapokausha kila kitu. Tone likikawia zaidi ya dakika kumi lifunike kwa glasi, usije ukadhani limezama kumbe limekauka hewani. Pingamizi jingine ni la chokaa: ardhi yetu ina matumbawe, na ukataaji huonekana zaidi kwenye udongo wenye asidi. Ni kweli, lakini si kinga. Kwenye vilima vya Uholanzi hata mchanga wenye chokaa umeonekana kukataa maji.

Dawa ambayo watu huikimbilia kwanza ni maji ya sabuni. Yanafanya kazi kwa siku chache, kisha huoshwa, na juu ya mwamba wenye matundu huoshewa kwenye visima. Ya pili ni samadi nyingi. Samadi iliyooza na inayotunzwa ikiwa na unyevu husaidia, lakini samadi kavu au majani makavu yaliyochimbiwa mchangani huongeza nta ileile tunayoikimbia. Dawa inayodumu ilionyeshwa na mkulima, Clem Obst wa Australia Kusini, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alitandaza mfinyanzi juu ya mchanga wake, na majirani wakamfuata. Chembe ndogo za mfinyanzi huifunika nta na kuupa mchanga uso mpya unaopenda maji.

Tuchukue bustani ya mita 4 kwa 5, yenye ukataaji hadi sentimita 10 chini. Huo ni mchanga wa meta za ujazo 2, kilo 3,000 hivi. Ukilenga asilimia 3 ya mfinyanzi unahitaji kilo 90 za mfinyanzi mtupu. Udongo utakaoununua si mfinyanzi mtupu. Ukiwa nao kwa asilimia 40, utahitaji kilo 225, yaani mikokoteni ya mkono minne hivi ya kilo 55. Utandaze ukiwa mkavu, vunja mabonge, umwagilie, uache ukauke, ndipo uchanganye kwa jembe hadi sentimita 10. Kulowa na kukauka mara mbili au tatu ndiko kunakousambaza mfinyanzi juu ya chembe. Anayechanganya mabonge siku hiyohiyo hubaki na mchanga mgonjwa wenye mabonge ndani yake. Ukiuacha juu bila kuuchanganya hugeuka gamba, na maji hutiririka tena kwa sababu nyingine.

Jihadhari na rangi. Udongo mwekundu wa pwani unaoletwa kwa lori mara nyingi ni mchanga mwekundu, chembe zilizopakwa kutu ya chuma tu. Tia theluthi ya chupa, jaza maji, tikisa kwa nguvu, uache. Kama karibu wote umetua chini kwa dakika moja na maji juu yameng'aa, umeuziwa mchanga. Kisha dondosha bonge dogo kavu kwenye glasi ya maji ya mvua bila kulitikisa: mfinyanzi unaofaa huyeyuka na kutoa wingu pembeni yake. Mfinyanzi mzito wa upande wa Changamwe, unaotokana na miamba ya shale na kupasuka nyufa ukikauka, ni mfinyanzi kweli, lakini aina zinazopasuka hivyo kwa kawaida hufanya kazi hii vibaya kuliko ule laini usiovimba. Tope la mikoko liache mahali pake, lina chumvi.

Asiye na uwezo wa mikokoteni minne achimbe mifereji midogo, apande chini kwenye mfereji maji yanakokusanyika, na asiuache mchanga ukauke kabisa. Hiyo haiondoi nta, inakwepa madhara yake. Na aliyeweka mfinyanzi arudi na kidondoshi kaskazi inayofuata, apime palepale alipopima mwanzo. Tone likizama kabla ya sekunde ya 5, kazi imekwisha. Likibaki limesimama kama ushanga, mfinyanzi ulikuwa haba au haukuchanganyika, na kumwaga maji zaidi hakutabadilisha lolote.