Kiwavijeshi Vamizi na Bungua katika Mahindi Machanga: Kuwatambua, Kuwahesabu na Kuwadhibiti

Majuma mawili baada ya mahindi kuchomoza, mkulima mwenye robo ekari huanza kuona matundu kwenye majani, na mara nyingi jambo la kwanza analolifanya ni kwenda dukani kununua dawa. Safari hiyo huwa hasara kwa sababu mbili: hajui ni mdudu yupi anayekula, wala hajui ni mimea mingapi inayoliwa. Makala haya yanahusu mambo hayo mawili, kwa kuwa katika shamba dogo ndiyo yanayoamua kama fedha ya dawa itumike au ibaki nyumbani.

Wadudu wanaohusika zaidi ni wawili. Wa kwanza ni kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya Amerika. Taarifa zake za kwanza barani Afrika zilitolewa mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kufika Tanzania na Kenya. Asichanganywe na kiwavijeshi wa tangu zamani, yule anayetembea ardhini kwa makundi makubwa na kufyeka majani hata mchana. Vamizi hatembei kwa jeshi. Hukaa amejificha ndani ya moyo wa mmea, pale majani mapya yanapochipukia yakiwa yamejikunja. Wa pili ni bungua, ambaye wengine humwita funza wa mabua. Nyanda za juu zenye baridi huyu ni mwenyeji wa Afrika. Katika maeneo ya chini yenye joto hupatikana zaidi yule mwenye madoadoa aliyeletwa kutoka Asia.

Nondo wa kiwavijeshi vamizi hutaga mayai kwa fungu, mara nyingi kati ya 100 na 200, na kulifunika kwa manyoya mepesi yanayofanana na ukungu wa kijivu. Kukiwa na joto mayai huanguliwa baada ya siku mbili hadi nne. Viwavi vichanga hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, kama vidirisha vidogo. Wakikua huingia katika moyo wa mmea na kutoboa matundu makubwa yenye kingo zilizochanika, huku wakiacha kinyesi kibichi kinachofanana na vumbi la mbao lililoloweshwa. Bungua wa nyanda za juu hutaga ndani ya ala ya jani, mahali pasipoonekana kwa urahisi. Watoto wake nao hupanda hadi kwenye moyo wa mmea na kula majani yakiwa bado yamekunjwa. Kwa hiyo jani linapofunguka huonyesha vitundu vidogo vilivyojipanga mstari, kana kwamba limechomwa kwa sindano.

Dalili za majani zikiwa na utata, fungua moyo wa mmea umwangalie mdudu mwenyewe. Kiwavijeshi vamizi aliyekwisha kukua kidogo ana mistari myeupe usoni inayofanya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Usiishie kwenye ile Y, kwa maana viwavi wengine nao wana alama inayokaribia hiyo. Madoa manne ndiyo yanayothibitisha. Bungua wa nyanda za juu ana mwili wa rangi ya maziwa au waridi hafifu na kichwa cha kahawia, bila madoa hayo ya mraba.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya muda. Kiwavijeshi vamizi hukaa sehemu ya wazi ya mmea kwa majuma mawili hadi matatu kabla ya kushuka na kujizika udongoni. Bungua hubaki kwenye majani akiwa mchanga tu, kisha hutoboa bua. Akishaingia humo, dawa inayonyunyiziwa juu haimfikii tena. Akikata kiini cha mmea mchanga, jani la katikati hukauka, na ukilivuta linatoka bila kushikilia. Mmea wa namna hiyo hauponi. Mahindi yaliyoliwa majani tu ni habari nyingine: mpaka yafikishe takribani majani sita, kiini chake huwa bado kiko chini ya usawa wa udongo, na mengi hurudisha majani mapya hata yakionekana yameharibika vibaya.

Ukaguzi uanze juma la kwanza baada ya mahindi kuchomoza, nao ufanyike mara mbili kwa juma. Pita shambani kwa njia ya herufi W, ukiacha mistari ya pembezoni. Simama mahali patano, na kila mahali kagua mimea 10 mfululizo bila kuchagua. Hesabu mimea yenye madhara mapya pekee, yaani vidirisha vibichi, kinyesi chenye unyevu au kiwavi aliye hai. Tundu kuukuu kwenye jani la chini lisihesabiwe. Mdudu aliyelitoboa huenda amekwisha kuondoka au kufa.

Tuchukue shamba la mita 25 kwa 40, lililopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo. Litakuwa na mimea ipatayo 4,400. Siku ya 14, katika mimea 50 iliyokaguliwa, 12 ina madhara mapya ya kiwavijeshi vamizi na miwili imekauka jani la katikati. Hiyo 12 ni asilimia 24. Kwa mahindi machanga, mwongozo unaotumika sana kwa wakulima wadogo ni kuchukua hatua mimea iliyoshambuliwa ikifikia asilimia 20 hivi. Yakishakuwa makubwa lakini kabla ya kutoa mbelewele, asilimia 40. Kwa hiyo hatua inahitajika, ila hatua si lazima iwe dawa. Mimea inayokadiriwa kuwa na viwavi ni kama 1,050, kazi ambayo watu wawili wanaweza kuimaliza kwa mikono katika asubuhi chache, wakiponda mafungu ya mayai na viwavi. Ile miwili iliyokauka ing'olewe, bua lipasuliwe na bungua auawe. Siku ya nne hesabu tena. Ikiwa mimea minne tu kati ya 50 ina madhara mapya, yaani asilimia 8, dawa haihitajiki.

Hesabu ikibaki juu, mbegu za mwarobaini ni njia ya kujaribu kwanza. Twanga punje zilizokauka, chukua gramu 50 kwa kila lita ya maji (gramu 750 kwa bomba la lita 15), loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, kisha ongeza sabuni kidogo. Nyunyizia jioni, ukielekeza ndani ya moyo wa mimea iliyoshambuliwa tu. Mwarobaini hauui papo hapo. Kiwavi kwanza huacha kula, hivyo anayekagua kesho yake atadhani umeshindwa. Angalia jani jipya linalochipuka: likitoka zima, kazi imefanyika.

Dawa za dukani, kama zenye emamektini benzoeti, hutumika kwa kipimo cha kibandiko na kwa kuvaa glavu, barakoa na buti, na usirudie kiambato kilekile msimu mzima, maana mdudu huyu huzoea dawa haraka. Mara nyingi dawa nzuri huonekana imeshindwa kwa sababu imenyunyizwa juani saa sita, au viwavi walikwisha kuwa wakubwa na kinyesi chao kimeziba moyo wa mmea kama kizibo.

Bungua wa msimu ujao yumo katika mabua ya msimu huu. Baada ya mavuno usiyasimamishe kwa mafungu. Yalaze juani yakiwa yametawanywa kwa majuma manne hivi, au yakatwekatwe na kulishwa ng'ombe kabla mvua hazijaanza.