Mstari wa Kongo Unapita Wapi? FST na Vimelea vya Malaria

Kabondo-Dianda ipo kwenye njia ya reli inayounganisha Kamina na Lubumbashi, katika Haut-Lomami. Kwa anayechunguza jeni za vimelea vya malaria nchini Kongo, eneo hili linazua swali gumu: lihesabiwe upande wa mashariki au wa magharibi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya SP, dawa wanayopewa wajawazito kuzuia malaria. Aleli ya 540E katika jeni ya dhps, inayodhoofisha dawa hiyo, imeenea mashariki mwa Kongo kama ilivyo Afrika Mashariki, lakini magharibi ni adimu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jenomu ya vimelea hao haitofautiani sana kati ya pande hizo mbili.

Kipimo kinachotumika kupima tofauti hizo ni FST ya Sewall Wright. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu: aleli ina marudio ya 0.7 mashariki na 0.1 magharibi. Uwezekano kwamba vimelea wawili waliochukuliwa bila mpango watakuwa na aleli tofauti ni 2p(1−p), yaani 0.42 mashariki na 0.18 magharibi, na wastani wake, HS, ni 0.30. Pande zote zikichanganywa, p ni 0.4 na HT ni 0.48.

```
FST = (HT − HS) / HT = (0.48 − 0.30) / 0.48 = 0.375
```

Kwenye aleli nyingine isiyohusiana na dawa, yenye 0.55 na 0.45, hesabu ileile inatoa 0.01. Ukichanganya maelfu ya aleli za namna hii na ile moja ya dhps, wastani utasema Kongo ina kundi moja la vimelea. Jibu hilo ni sahihi kuhusu uhamaji wa watu na mbu, lakini linapotosha kabisa kuhusu dawa. Ndiyo maana FST ya dhps inapaswa kusomwa peke yake, ikilinganishwa na ile ya jenomu nzima.

Sasa turudi Haut-Lomami. Tuseme eneo la kati lina marudio ya 0.4, nalo likaingizwa mashariki kwa idadi sawa ya sampuli. Marudio ya mashariki yanashuka hadi 0.55, na FST inaanguka kutoka 0.375 hadi 0.23. Hakuna kimelea aliyebadilika. Aliyebadili namba ni mtafiti aliyechora mpaka. Pale ambapo aleli inapungua kidogo kidogo kadiri mtu anavyosafiri, kulazimisha makundi mawili ni kosa. Afadhali marudio yachorwe kituo kwa kituo.

Sampuli chache nazo hudanganya. Vimelea 10 tu kila upande, hata kama pande hizo ni sawa kabisa, hutoa kwa bahati nasibu FST ya wastani wa karibu 0.05, mara tano ya ile 0.01 ya hapo juu. Kikokotoo cha Hudson huondoa ziada hiyo, na wakati mwingine hutoa namba hasi, ambayo husomwa kuwa hakuna utengano. Tatizo jingine ni mgonjwa mwenye aina kadhaa za vimelea kwa pamoja: akihesabiwa kama kimelea mmoja, marudio yenyewe yanapinda kabla hesabu haijaanza.