Herufi 160 za nyapara: Barua pepe ilivyofika kwenye grinhausi za Naivasha

Lango la kwanza la kugeuza barua pepe kuwa meseji kando ya Ziwa Naivasha lilikuwa karani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ofisi ya shamba la maua ilikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu. Karani alipiga nambari ya mtandao, modemu ikalia, barua za Uholanzi zikashuka, kisha akakata laini haraka kwa sababu kila dakika ililipiwa. Alisoma barua ya mnunuzi kwenye kioo, akachukua simu yake ya mkononi na kumwandikia nyapara aliyekuwa grinhausi, pengine kilomita mbili kutoka hapo: kata kiasi hiki, urefu huu, lori linaondoka saa fulani.

Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu vitu viwili vilikutana. Kampuni za intaneti zilianza kuuza huduma nchini Kenya mwaka 1995, na mwaka 2000 Safaricom na KenCell zikaanza kupeleka simu za mkononi kwa watu wa kawaida. Barua pepe ilikaa ofisini, simu ikaenda shambani. Aliyeziunganisha ni mtu aliyekuwa na macho mawili na kidole gumba kimoja.

Namsisitiza karani huyu kwa sababu historia yote iliyofuata ni ya watu waliojaribu kuiandikia mashine yale aliyoyajua yeye bila kuambiwa.

Meseji yenyewe ilikuja na kipimo chake. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand aliketi Bonn akipiga chapa sentensi za kawaida na kuhesabu herufi, akaona nyingi zinatosha ndani ya 160. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mtandao unaipa kila meseji baiti 140 tu, na herufi zikibanwa kwa biti saba saba, baiti hizo zinabeba herufi 160. Barua pepe haina mpaka wa namna hiyo. Ina salamu, nembo ya kampuni, onyo la kisheria mwishoni, na mkia mrefu wa barua za wiki iliyopita. Kupeleka ilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kukata.

Wamarekani walikata kwa njia nyepesi. Kampuni za simu huko zilimpa kila mteja anwani ya barua pepe iliyotengenezwa kwa nambari yake. Kwa AT&T, kwa mfano, uliandika nambari ukaongeza `@txt.att.net`, na barua ikatokea kwenye simu kama meseji. Aliyetuma hakulipa, kwa kuwa katika mfumo wao mpokeaji pia alitozwa. Kenya mpokeaji halipi. Anayetuma ndiye anayelipa. Kwa hiyo lango la hapa lilihitaji mtu wa kubeba gharama: ama laini yenye kredo ndani ya modemu ya ofisini, ama akaunti kwa kampuni inayouza meseji kwa wingi. Tofauti hii ndogo ya malipo ndiyo iliyofanya malango yetu yajengwe na wenye biashara wenyewe.

Vifaa vilikuwepo. Kampuni ya Kifini iitwayo Wapit ilianzisha mwaka 1999 programu ya bure, Kannel, iliyoweza kuongea na mitambo ya meseji. Mwaka 2005 Mwingereza Ken Banks alitoa FrontlineSMS, iliyotuma meseji kwa kompyuta ya mkononi na simu iliyochomekwa kwa waya, bila intaneti. Fundi wa Nakuru aliyekuwa na kompyuta kuukuu na modemu ya laini angeweza kuunda lango lake. Programu moja ilifungua sanduku la barua kila baada ya dakika chache, ikachukua barua mpya, ikatoa maneno yaliyohitajika na kuyakabidhi kwa modemu. Modemu ilipewa amri kama hizi:

```
AT+CMGF=1
AT+CMGS="+2547XXXXXXXX"
```

Amri ya kwanza inaiambia modemu kwamba tunatuma maandishi, ya pili inataja simu ya nyapara. Kisha yanafuata maneno yenyewe, na kufunga kwa `Ctrl-Z`. Modemu moja hutuma meseji moja kila sekunde chache. Kwa shamba lenye manyapara kumi hiyo inatosha kabisa.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Shamba la waridi kando ya Barabara ya Moi South Lake limeahidi mashina 20,000. Saa 4:12 asubuhi mnunuzi anaandika kwamba anataka 12,000 pekee. Barua yake inaanza kwa kutakia kila mtu heri, inaeleza hali ya soko, halafu katika aya ya tatu inataja kiasi kipya. Chini yake imening'inia barua ya juzi, ambayo bado inasema 20,000.

Lango la ovyo litakata herufi 160 za mwanzo, na nyapara atapokea heri bila nambari. Lango linalotafuta nambari yoyote linaweza kuokota ile ya zamani, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu meseji itaonekana nzuri na mashina 8,000 yasiyo na mnunuzi yatakuwa yamekatwa. Waridi likishakatwa halirudi kwenye mti. Karani hakukosea hapo, kwani alijua juu ya barua ni leo na chini ni juzi.

Njia iliyodumu ni kukubaliana na mnunuzi mapema. Kichwa cha barua kiwe na nambari ya oda, na mstari wa kwanza wa barua ubebe aina, urefu na kiasi kwa mpangilio uleule kila siku. Programu inasoma kichwa na mstari huo tu, kiasi cha zamani na lori inavitoa kwenye kumbukumbu ya oda, na chochote kilicho chini ya alama ya barua iliyonukuliwa inakitupa. Isipoupata mstari, haikisii. Inatuma meseji fupi kwamba oda fulani imebadilika, piga ofisi. Barua ya mfano wetu ikifuata mpangilio, nyapara anapata hii:

```
ODA 4417 IMEPUNGUA. Waridi jekundu sm 50: kata 12000, si 20000. Lori la Ng'ang'a linaondoka saa 9 alasiri. Barua ya saa 4:12. Piga ofisi kama umeshakata.
```

Ni herufi 153, pamoja na nafasi. Kiasi cha zamani kimetajwa makusudi, ili nyapara ajue ni badiliko wala si oda mpya ya kuongezwa juu ya ile. Saa ya barua nayo imetajwa, na sababu yake nitaieleza hivi punde.

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapoingia katika hadithi. Lugha yetu haina herufi zenye vitone wala mikia, kwa hiyo inatosha yote ndani ya zile herufi za biti saba. Isipokuwa mahali pamoja: kiapostrofi cha ng'ombe, ng'ara na Ng'ang'a. Kile kilichonyooka kimo katika orodha ya herufi za meseji. Lakini programu nyingi za kuandikia hukigeuza zenyewe kuwa kilichopinda, ambacho hakimo. Kiapostrofi kimoja kilichopinda kinailazimisha meseji nzima ihamie mfumo mwingine wa herufi, ambao unabeba 70 tu kwa meseji, na 67 kwa kila kipande ikibidi igawanywe. Meseji yetu ya herufi 153 inakuwa vipande vitatu, na mwenye shamba analipa mara tatu kwa jina la dereva.

Mwenye kuandika Gĩkũyũ anakumbana na jambo hilohilo kila sentensi, kwa sababu ĩ na ũ hazimo katika orodha hiyo. Alama ya yuro, ambayo barua za maua zimejaa, imo, ila inahesabiwa kama herufi mbili. Dalili ya tatizo huonekana kwenye salio kabla ya kuonekana kwenye simu: meseji zinafika salama, kredo inaisha katikati ya mwezi. Dawa ni mstari mmoja wa programu unaonyoosha viapostrofi vyote kabla ya kutuma. Nauona kuwa mstari wenye faida kuliko mingine yote katika lango la Kiswahili, na ndio unaosahaulika zaidi.

Sababu ya kuandika saa ya barua ni hii. Meseji haiendi moja kwa moja hadi kwenye simu. Inapumzika katika kituo cha meseji cha kampuni ya simu, na kama simu ya nyapara imezimika, inangoja hapo. Betri ikichajiwa jioni, meseji za mchana zinaingia kwa mkupuo. Bila saa ndani yake, amri ya asubuhi inasomeka kama amri ya sasa. Mtumaji anaweza kuomba meseji ife baada ya saa mbili, na anaweza kuomba ripoti ya kufika. Lango lisiloomba ripoti linajua tu kwamba meseji imetoka mkononi mwake.

Anwani ya lango nayo ni siri ya shamba. Ikivuja, kila barua ya taka ni meseji ya kulipiwa. Hatari nyingine ni jibu la kujiendesha: lango linamrudishia mtumaji taarifa ya kosa, sanduku la mtumaji aliye likizoni linajibu kwamba hayupo, lango linalisoma jibu hilo kama barua mpya na kujibu tena. Mashine mbili zinaweza kusemezana hivyo usiku kucha. Ndiyo maana lango huwa na orodha ya watumaji wanaokubaliwa, na barua zenye alama ya jibu la kujiendesha halizigusi.

Alhamisi tarehe 15 Aprili 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland yalianza kufunga anga ya Ulaya kaskazini. Ndege za mizigo zilikwama kwa siku kadhaa, na maua ya Naivasha yakaishia kutupwa. Katika siku kama hizo barua za kufuta safari huja mfululizo, nyingi zikirudia neno moja, na lango lisilolinganisha barua mpya na iliyotangulia linamjaza nyapara meseji ishirini za habari moja. Anaacha kuzisoma. Ile ya ishirini na moja, inayosema ndege zimeanza kuruka, inafika kwa mtu aliyekwisha kuweka simu mfukoni.

Mwaka huohuo wa 2010 ilianzishwa Nairobi kampuni ya Africa's Talking, na fundi hakuhitaji tena modemu juu ya meza. Programu yake iliongea na mtambo wa kampuni kupitia intaneti, ambayo nayo ilikuwa imepata nguvu baada ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009. Baadaye simu zenye barua pepe na WhatsApp zilifika hadi kwa manyapara, na mashamba mengine yaliacha meseji. Tarehe 17 Juni 2025 AT&T ilifunga anwani zake za bure, na Wamarekani waliozitegemea wakalazimika kutafuta njia ya kulipia, ile ambayo huku ndiyo pekee tuliyoijua.

Meseji bado inaingia kwenye simu ya kabambe isiyo na data, ndani ya grinhausi, mikono ikiwa na glavu za miiba. Nyapara anasoma mstari wa mwisho, piga ofisi kama umeshakata. Yeye ameshakata 15,000. Anapiga, na anayepokea ni karani, ambaye ndiye atakayempigia mnunuzi kuuliza kama yale mashina 3,000 ya ziada yanaweza kuingia katika oda ya kesho.