Programu ya akili mnemba ikisema inakukumbuka, iulize inakumbuka nini

Tuchukue mfano wa mkulima wa mahindi. Jumatatu aliiuliza programu ya akili mnemba kwenye simu yake kuhusu viwavijeshi vamizi. Alieleza dawa aliyonunua na kwamba bomba lake la mgongoni ni la lita 16. Jumatano akafungua mazungumzo mapya, akaandika: "Habari tena, mimi ni yule wa mahindi. Unanikumbuka?"

Huenda programu haimkumbuki. Kila unapotuma ujumbe, programu husoma upya maandishi yaliyo katika mazungumzo hayo, kisha hujibu. Ukianza mazungumzo mapya, isipokuwa na kumbukumbu, inaanza na ukurasa mtupu. Ya Jumatatu yanaweza kuwa bado yamehifadhiwa kwenye orodha ya mazungumzo yako, lakini huenda programu haiyaoni pale ulipo. Ni kama kituo cha afya: faili lako lipo kabatini, ila muuguzi wa zamu hajaletewa.

Baadhi ya programu huweka kumbukumbu kukuhusu. Hata hizo huenda zikabeba vipande tu, na hazifanyi kazi ukiizima sehemu hiyo au ukitumia akaunti nyingine.

Hatari iko wapi?

Jibu zuri ni la kusema wazi kwamba hapa hayaonekani mazungumzo ya awali, bila kukuona mwongo, kisha kukuomba ueleze upya kwa kifupi. Jibu baya ni "Ndiyo, nakukumbuka", likifuatwa na kubahatisha.

Turudi kwa mkulima wetu. Programu ikibahatisha kwamba bomba lake ni la lita 20, huenda ikamwambia aweke mililita 40, yaani mililita 2 kwa kila lita. Akizitia kwenye bomba lake la lita 16, kila lita inapata mililita 2.5. Dawa imezidi kwa robo nzima, naye hajui.

Utajuaje?

Usiitajie jibu mdomoni. Ukiuliza "Unakumbuka bomba langu la lita 16?" huenda ikakubali kirahisi, kwa sababu umeshaitajia. Uliza hivi: "Nilikuambia bomba langu ni la lita ngapi?" Ikikosea, au ikizungukazunguka, jua haioni kitu.

Ufanye nini?

Fungua orodha ya mazungumzo, tafuta yale ya Jumatatu, na uendelee humo humo. Usipoyapata, anza kwa kueleza yote upya: zao, tatizo, jina la dawa, ukubwa wa bomba na ushauri uliopewa. Sentensi tatu zinatosha. Na kipimo cha dawa kihakikishe kwenye kibandiko cha chupa au kwa bwana shamba, hata kama programu imekumbuka kila kitu.