Kwa nini mwandishi haoni makosa yake siku hiyo hiyo

Mtu anayesoma andiko alilolimaliza punde husoma zaidi yaliyomo kichwani mwake kuliko yaliyo kwenye karatasi. Ndiyo maana wahariri hushauri rasimu ilazwe walau kwa siku moja kabla ya kusahihishwa.

Tuchukue mfano wa katibu wa chama anayeandika: "Kutokana na ukarabati wa ukumbi, mkutano wa Jumamosi utafanyika." Alikusudia kuandika "hautafanyika". Anaisoma sentensi hiyo mara tatu na haoni kasoro.

Kompyuta nayo haimwonyi, kwa kuwa "utafanyika" ni neno sahihi. Katika Kiswahili silabi moja tu ya mwanzo yaweza kugeuza katazo kuwa ruhusa.

Jicho huruka

Jicho halitambai juu ya kila herufi. Huruka kutoka mahali hadi mahali, na kila kituo huchukua takriban robo ya sekunde. Herufi chache tu huonekana kwa uwazi, na ubongo hukisia zilizosalia kwa kutegemea maana.

Kwa msomaji mgeni, makisio hayo hupimwa na maandishi yenyewe. Mwandishi, kinyume chake, anajua tayari kinachofuata. Ubongo wake unaitarajia "ha", na hivyo huijaza mahali ambapo haipo.

Maneno husahaulika kwanza

Mwaka 1967 mwanasaikolojia wa Marekani, Jacqueline Sachs, alionyesha kuwa msikilizaji husahau upesi muundo wa sentensi aliyoisikia, lakini huendelea kukumbuka maana yake.

Mwandishi aliyerudia maneno yake mara nyingi hubaki nayo kwa muda mrefu zaidi. Usiku mmoja ukipita, mpangilio wa maneno hufifia, na jicho hulazimika kuyatazama upya. Hapo katibu hukwama: ukumbi unakarabatiwa, na mkutano utafanyika vipi?

Ipo dalili ya kupima kama wakati umefika. Ikiwa mwandishi anaweza kuitamka sentensi ifuatayo kabla jicho halijaifikia, rasimu ingali mbichi.

Mipaka yake

Hata hivyo, siku moja hufifisha maneno, si imani. Iwapo katibu anaamini kwamba Jumamosi ni tarehe 14 ilhali ni 15, kesho yake ataisoma tarehe hiyo na kuridhika nayo. Tarehe, majina na hesabu havina budi kulinganishwa na kumbukumbu za asili, au kukaguliwa na mtu mwingine.

Na pale tangazo linapotakiwa jioni hiyo hiyo, huweza kuchapishwa kwenye karatasi, kisha likasomwa kwa sauti, sentensi ya mwisho ikitangulia. Mfuatano wa maana ukivunjwa, ubongo hupungukiwa na cha kukisia, na kila sentensi husimama peke yake mbele ya jicho.