9Q ya Ubwari na majirani zake ziwani

Anayenasa kwenye redio ya ridhaa alama inayoanza na 9Q anajua kwamba kituo kinarusha kwa idhini ya Kongo. Rasi ya Ubwari, upande wa Kongo, imechomoza ndani ya Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo linagawanywa na nchi nne: Kongo ina 9Q, Burundi 9U, Tanzania 5H, Zambia 9J. Ukizisoma hivi leo, hazionyeshi nani ni jirani wa nani. Lakini zirudishe nyuma hadi miaka ya 1950: Kongo ilikuwa OQ5 na Ruanda-Urundi OQ0, kutoka fungu la Ubelgiji la ON hadi OT; Tanganyika ilikuwa VQ3 na Rhodesia ya Kaskazini VQ2, kutoka fungu la Mwingereza. Wakati huo Baraka ya Kongo na Usumbura ya Ruanda-Urundi zilitofautiana kwa tarakimu moja tu, kama zilivyotofautiana Kigoma ya Tanganyika na Mpulungu ya Rhodesia ya Kaskazini. Herufi za mwanzo zilimtaja mtawala. Ndiyo maana nasema kitangulizi ni tarehe ya utawala zaidi kuliko jina la nchi, na uhuru ulipofika, kuanzia 1960, kila dola jipya liliomba fungu lake katika Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano.

Atakayepinga atasema: mbona Kongo ikaitwa Zaire mwaka 1971 na kurudia jina lake mwaka 1997, na 9Q ikabaki palepale? Hoja hiyo inanisaidia. Fungu hupewa dola, si serikali wala jina lililo kwenye bendera. Penye kutatiza ni OQ. Herufi hizo hazikuzikwa na ukoloni, zilirudi Ubelgiji, na wapo Wabelgiji wanaozitumia hadi leo. Kadi ya OQ5 ya mwaka 1955 ni ya Kongo; ya mwaka huu ni ya Ulaya. Asiyetazama tarehe kwenye kadi atamhamisha mtu bara zima.

Kitangulizi pia hakisemi mtu ni wa taifa gani. Mbelgiji aliyeruhusiwa kurusha akiwa Fizi, huko Kongo, anaweza kuweka 9Q, mkwaju, kisha alama yake ya kwao inayoanza na ON: sehemu ya kwanza yaonyesha alipo, ya pili alikopata leseni yake. Na asiye na leseni haonyeshi chochote. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma hadi pwani ya Fizi akiwa na jina la siri la Tatu. Waasi wa Kongo aliojiunga nao walipowasiliana na Kigoma kwa redio, hakuna dola lililowapa herufi. Ajuaye kusikiliza asingetafuta kitangulizi hapo. Angeulizia uelekeo wa antena, lafudhi, na saa ambazo kituo hufunguliwa na kufungwa.