Upatanisho wa participe passé na yambwa iliyotangulia

Katika Kifaransa, nyakati kadhaa zilizopita huundwa kwa kitenzi kisaidizi na umbo la kitenzi kikuu liitwalo participe passé, ambalo hapa tutaliita umbo timilifu. Kisaidizi kikiwa avoir, umbo hilo halipatani na mtenda. Hupatana na yambwa tendwa, yaani kile kinachotendwa, na hilo hutokea pale tu yambwa inapotajwa kabla ya kitenzi. Ni kanuni ya mstari mmoja, na bado ndiyo inayokusanya wino mwekundu mwingi kuliko nyingine nyingi kwenye madaftari ya wanafunzi, kuanzia Paris hadi Bukavu na Bujumbura. Vitabu vya sarufi huifundisha kwa sentensi mojamoja zilizochomolewa peke yake, na hapo ndipo inapoonekana kama mtego usio na sababu. Makala hii inashikilia kwamba kanuni hii hueleweka vizuri zaidi ndani ya insha ya masimulizi, kwa sababu masimulizi hutaja kitu mara ya kwanza kisha hukirudia, na upatanisho wenyewe huzuka hasa pale kitu kinaporudiwa.

Tuchukue insha fupi ya aina anayoandika mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne wa Kifaransa, iliyotungwa kwa ajili ya makala hii na kuandikwa kwa usahihi:

« Samedi, ma tante a écrit deux lettres. Elle les a mises dans son sac et nous sommes partis à la poste. Les timbres qu'elle avait achetés la veille, elle ne les a pas retrouvés. Elle en a acheté quatre. L'employée nous a salués, puis elle nous a expliqué le nouveau tarif. Enfin, elle a tamponné les lettres qu'elle avait fait peser par un collègue. »

Kwa Kiswahili: Jumamosi shangazi aliandika barua mbili. Aliziweka mkobani, tukaenda posta. Stempu alizokuwa amezinunua jana yake hakuziona tena. Akanunua nne. Karani alitusalimu, kisha akatueleza bei mpya. Mwishowe akazigonga muhuri barua alizokuwa amempa mwenzake azipime.

Sentensi ya kwanza inaingiza barua kwenye hadithi. Hazijatajwa kabla, kwa hiyo zinakuja baada ya kitenzi, na écrit inabaki kavu bila alama ya jinsia wala ya wingi. Mwanafunzi aliyekwisha kusikia kwamba lettres ni ya kike na ni wingi huvutwa kuandika a écrites, na hilo ni kosa. Katika sentensi ya pili barua zimeshajulikana. Hazirudiwi kwa jina, zinawakilishwa na les, na kiwakilishi hicho kinakaa mbele ya kitenzi. Hapo mis inakuwa mises: e ya kike, s ya wingi. Msomaji wa Kiswahili akitazama tafsiri ataona jambo lile lile likitokea kwa njia nyingine. Aliandika barua mbili haina kiambishi cha yambwa, lakini aliziweka inacho. Lugha zote mbili zinatia alama kwenye kitenzi pale kinachozungumziwa kinapokuwa kimekwisha kufika. Stempu nazo zimetajwa kabla ya kitenzi chao kwa kirejeshi que, ndiyo maana achetés ina s, na retrouvés inaipata s yake kwa les inayofuata. Sommes partis ni habari nyingine: kisaidizi chake ni être, na hapo umbo hupatana na mtenda.

Pingamizi la kwanza linatoka ndani ya insha hiyo hiyo. Kama upatanisho unafuata kitu kilichokwisha kutajwa, mbona Elle en a acheté quatre haina s, ilhali stempu zimetajwa na en iko mbele ya kitenzi? Jibu ni kwamba en hairudishi stempu zile. Zile zimepotea. En inarudisha aina ya kitu, na quatre inahesabu vitu vipya ambavyo hadithi haijawahi kuviona. Kiswahili kinathibitisha jambo hili kwa namna ya kufurahisha, kwa maana tunasema akanunua nne; tungesema akazinunua nne, msikilizaji angefikiri ni nne kati ya zile zile. Kwa hiyo en haiivunji hoja, bali inaichonga: kinacholeta upatanisho katika masimulizi ni kurudi kwa kitu chenyewe, wala si kurudi kwa jina la jamii yake. Ni kweli kwamba matumizi ya waandishi hayakuwa thabiti hapa, na amri ya Wizara ya Elimu ya Ufaransa ya tarehe 28 Desemba 1976 iliruhusu watahiniwa waandike umbo lolote kati ya mawili baada ya en. Hata hivyo, anayeacha bila alama yuko upande salama.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika swali Quelles lettres a-t-elle écrites ? barua hazijulikani kabisa, ndiyo maana zinaulizwa, na bado écrites imepatana nazo. Hapa hoja ya masimulizi inapaswa kukubali mpaka wake. Sheria yenyewe inaangalia mahali peke yake: yambwa ikiwa mbele, patanisha. Kurudiwa kwa kitu ni sababu ya kawaida inayoisukuma yambwa mbele, na swali ni sababu nyingine. Lakini insha ya masimulizi ina maswali machache, na ina viwakilishi na virejeshi tele, kwa hiyo mwanafunzi anayefuatilia nani na nini vimeshaingia kwenye hadithi atakuwa amezikamata karibu sehemu zote zinazodai alama.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kinamwangusha mwanafunzi badala ya kumsaidia, nako ni kwenye nous. Tumeandika nous a salués kwa s, kisha nous a expliqué bila s, ingawa nous ni ile ile na iko mahali pale pale. Tofauti iko kwenye kitenzi. Kifaransa husema saluer quelqu'un, kumsalimu mtu moja kwa moja, lakini husema expliquer quelque chose à quelqu'un, kitu kinaelezwa na mtu anaelezwa kupitia à. Katika nous a expliqué yambwa tendwa ni le nouveau tarif, nayo iko nyuma. Nous ni yambwa tendewa, na hiyo haipatanishi kamwe. Kiswahili hakionyeshi mpaka huu kwenye kiambishi: alitusalimu na akatueleza zote zina -tu-. Anayefikiri kwa Kiswahili ataandika nous a expliqués kwa imani kamili. Vitenzi vya kuangalia hasa ni répondre, demander, téléphoner, parler na dire, ambavyo vyote humfikia mtu kwa à, wakati aider na écouter humchukua mtu moja kwa moja. Kipimo ni kukiondoa kiwakilishi na kuweka jina la mtu baada ya kitenzi. Likihitaji à, acha umbo lilivyo. Salués, kwa upande wake, inafichua pia msimulizi: kama ni msichana aliyekwenda posta na shangazi yake, ni lazima iwe saluées, na partis nayo iwe parties.

Sababu kubwa ya makosa, hata hivyo, ni sikio. Acheté, achetée, achetés na achetées hutamkwa sawasawa, na vitenzi vinavyoishia -er ndivyo vingi kupita vyote. Vile vinavyotoa mwisho wa -i na -u, kama fini na vu, vinaficha alama kwa namna ile ile. Alama husikika kwenye vitenzi vichache tu ambavyo umbo lake huishia na konsonanti, kama mis, pris, écrit, fait, dit na ouvert, na hata hapo inasikika kwa jinsia ya kike peke yake. Ukaguzi wa insha unaweza kuutumia uchache huo. Mahali penye shaka, badilisha kitenzi kiwe prendre na jina liwe la kike, kisha sema kwa sauti: les timbres qu'elle avait achetés inageuka les enveloppes qu'elle avait prises, na z inayosikika inajulisha kwamba alama inahitajika. Elle a acheté les timbres inageuka elle a pris les enveloppes, bila sauti hiyo. Kipimo kinafaa kwa mwenye sikio lililozoea Kifaransa kilichoandikwa. Kwenye mazungumzo ya haraka Wafaransa wengi husema la lettre que j'ai écrit bila kusita.

Hilo linaleta swali la wenye busara: kwa nini kuihifadhi kanuni isiyosikika mara nyingi, ambayo hata wenyeji huiacha? Mzizi wake ni wa kweli. Kilatini kilichosema habeo litteras scriptas kilimaanisha mtu anazo barua zilizoandikwa, na scriptas ilikuwa sifa ya barua. Kifaransa cha kale kilipatanisha kwa kulegalega, hata na yambwa iliyofuata nyuma. Mshairi Clément Marot, katika shairi la 1538, ndiye aliyeieneza kanuni ya mahali, akitoa mfano wa Kiitaliano, na Vaugelas akaijadili kwa kirefu katika kitabu chake cha 1647. Waziri Georges Leygues alitoa amri tarehe 31 Julai 1900 iliyovumilia kuacha upatanisho wa avoir, lakini Akademia ya Ufaransa ikapinga, na amri mpya ya tarehe 26 Februari 1901 ikaurudisha ulegevu nyuma, ukabaki hasa pale umbo linapofuatwa na kitenzi kingine. Mwaka 2018 walimu wawili wa zamani wa Ubelgiji, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, waliandika katika gazeti la Libération wakipendekeza umbo la avoir libaki daima bila alama. Hoja yao ina nguvu, kwani saa nyingi za shule huliwa na herufi mbili ambazo ni nadra kusikika. Ila mwanafunzi anayefanya mtihani leo hahukumiwi kwa pendekezo.

Inabaki fait katika sentensi ya mwisho. Lettres ziko mbele, ni za kike, ni wingi, na bado tumeandika qu'elle avait fait peser. Hii ni kwa sababu barua si yambwa ya faire. Ni yambwa ya peser, kwa kuwa zilizopimwa ni barua. Fait inayofuatwa na kitenzi kisichonyambuliwa haibadiliki kamwe, ilhali ikisimama peke yake hupatana kama kawaida, la robe qu'elle a faite. Marekebisho ya tahajia ya 1990 yalipendekeza laissé iwekwe kwenye njia hiyo hiyo inapofuatwa na kitenzi cha namna hiyo.